Faili la mdogo wangu limetoka II B kwenda III B: je, limfoma imeshuka tumboni?

"Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, tunakaa Mbagala. Alianza na uvimbe shingoni kushoto, haumuumi. Zikafuata homa za jioni, akatibiwa malaria mara kadhaa, kisha akaanzishwa dawa za kifua kikuu, akatumia miezi miwili. Mwishowe walikata tezi nzima wakapima, jibu likaja kwamba ni limfoma ya Hodgkin. Daktari wa kwanza aliandika steji II B. Wiki tatu baadaye, baada ya kipimo cha CT, mwingine kaandika III B, kasema ugonjwa upo juu na chini ya kiwambo. Usiku analowa mpaka shuka. Nyumbani wanasema jasho hilo ni dalili kwamba umesambaa mwili mzima na steji ya tatu haina tiba. Kweli umeshuka tumboni kwa zile wiki tatu tulizochelewa? Na hiyo B ni nini?"

Marahaba, dada. Majibu uliyoyatuma nimeyasoma yote, na nitayatumia humu bila kutaja jina la mtu wala la hospitali.

Tuanze na zile wiki tatu. Daktari wa kwanza alikuwa na mikono yake, iliyopapasa shingo, makwapa na kinena, na alikuwa na eksirei ya kifua. Kwa hivyo viwili aliona tezi za shingo ya kushoto na uvimbe katikati ya kifua, akaandika II, na kwa alichokiona aliandika sawasawa. Sasa tezi za tumboni zinazosumbua kwenye limfoma, yaani saratani ya mfumo wa tezi, zimekaa nyuma kabisa, zimeegemea uti wa mgongo pembeni mwa mshipa mkuu wa damu. Mkono hauzifikii mpaka ziwe kubwa mno, na eksirei ya kifua haifiki huko. CT ndiyo iliyofika, ikakuta tezi kadhaa, kubwa yao ina sentimita 2.8, na bandama yenye urefu wa sentimita 14. Aliyechungulia sebuleni tu hawezi kusema kwamba waliokutwa chumbani wameingia jana. Hodgkin kwa kawaida haiotoshi tezi za ukubwa huo kutoka patupu ndani ya wiki tatu. Uwezekano mkubwa zilikuwepo siku ile ile II ilipoandikwa, ila hakuna aliyekuwa amezitazama.

Ile miezi miwili ya dawa za kifua kikuu ni habari nyingine, na sitakuficha. Katika muda huo ugonjwa ulikuwa unaendelea, kwa sababu dawa zile haziugusi. Kama tezi za tumboni zilianza kabla au katikati ya kipindi hicho, hakuna kipimo cha leo kitakachotuambia. Lakini kosa hilo si lenu, na kwa mazingira yetu si la ajabu, nitaeleza mbele kwa nini. Wiki tatu za kungoja CT ziondoe moyoni.

Sasa namba zenyewe. Watu wengi wanapima uzito wa saratani kwa ukubwa wa uvimbe au kwa idadi ya vinundu, kama ilivyo kwenye titi. Limfoma haihesabiwi hivyo. Inahesabiwa kwa maeneo. Mwili umegawanywa katika maeneo ya tezi: shingo ya kulia ni eneo moja, shingo ya kushoto jingine, kwapa hili na lile, katikati ya kifua, tezi za nyuma ya tumbo, kinena cha kila upande, pale tunapoita mitoki, na mengine machache. Ukiwa na vinundu sita shingoni kushoto, pamoja na vile vya juu tu ya mtulinga wa upande huo huo, vyote hivyo ni eneo moja.

Kisha panachorwa mpaka mmoja tu, nao ni kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ambao tunautumia kuvuta pumzi. Eneo moja peke yake ni hatua ya I. Maeneo mawili au zaidi, yote yakiwa upande mmoja wa kiwambo, ni hatua ya II. Yakiwepo juu na yakiwepo chini, ni hatua ya III. Ugonjwa ukiwa umeingia na kutapakaa kwenye viungo visivyo vya mfumo wa tezi, kama ini, mapafu au uboho wa mifupa, ni hatua ya IV.

Tumuweke mdogo wako kwenye hesabu hiyo. Shingo ya kushoto, moja. Katikati ya kifua, mbili. Zote juu ya kiwambo, kwa hiyo II. CT ikaleta tezi za nyuma ya tumbo, chini ya kiwambo, kwa hiyo III. Angalia kwamba bandama hata sijaigusa. Bandama nayo inahesabiwa kama eneo la chini ya kiwambo, na katika mpangilio tunaoutumia sasa inatiliwa shaka ikizidi sentimita 13. Lakini sisi tunaishi Tanzania. Mtu aliyekua na malaria za mara kwa mara, au aliyepata kichocho cha tumbo utotoni, anaweza kuwa na bandama ya sentimita 14 bila limfoma yoyote. Kama hiyo bandama ingekuwa ndicho kitu pekee kilichoonekana chini ya kiwambo, ningekataa kumpandisha hatua kabla ya kuuliza zaidi. Kwa mdogo wako haina shida: tezi za sentimita 2.8 zinatosha zenyewe, maana tezi inaanza kuhesabiwa kuwa si ya kawaida ikipita sentimita 1.5 kwa kipimo chake kirefu.

Utauliza, kwa nini kiwambo? Msuli huo hauzuii saratani kupita, na wala ugonjwa wa chini yake si mkali zaidi ya ule wa juu. Mtu mwenye mitoki ya Hodgkin kwenye kinena kimoja peke yake ni hatua ya I, ingawa yupo chini. Jibu lipo kwenye historia ya tiba. Mpangilio huu ulikubaliwa mwaka 1971 katika mji wa Ann Arbor, Marekani, wakati mionzi ndiyo ilikuwa silaha kuu dhidi ya Hodgkin. Ugonjwa huu una tabia ya kwenda kituo kwa kituo, kutoka tezi hizi kwenda kwa majirani zake. Kwa hiyo wataalamu wa mionzi walikuwa wakichoma shingo, makwapa na kifua kwa pamoja katika uwanja mmoja, na kwa chini walikuwa na uwanja mwingine wa tumbo na kinena. Kiwambo kilikuwa mpaka wa viwanja hivyo. Kumuuliza mgonjwa "upo upande mmoja au pande zote?" kulikuwa ni kuuliza "uwanja mmoja wa mionzi unakutosha?" Swali hilo lilikuwa na uzito kiasi kwamba, kabla ya CT kuenea, wagonjwa walikuwa wanapasuliwa tumbo, bandama inaondolewa, na tezi zinachukuliwa zikapimwe, ili tu ijulikane kama chini kuna kitu. Leo mdogo wako amelala dakika chache kwenye mashine akapata jibu lile lile bila kisu.

Kuna jambo moja la maumbile linalofaa ulijue, kwa sababu linaeleza njia ambayo huenda ugonjwa wake uliipita. Maji ya limfu kutoka miguuni na tumboni hukusanywa na mrija mmoja mkubwa unaopanda ndani ya kifua, mbele ya uti wa mgongo, na kumwaga kwenye mshipa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Shingo ya kushoto na tezi za nyuma ya tumbo, hata kama kwa macho ziko mbali, zimo kwenye njia moja. Ndiyo maana mtu akija na tezi juu ya mtulinga wa kushoto, siridhiki na eksirei ya kifua pekee, nataka tumbo litazamwe. Kilichokutwa kwa mdogo wako kinafuata mkondo huo huo unaotarajiwa.

Hilo la "steji ya tatu haina tiba" limetokana na saratani nyingine. Kwenye saratani ya koo au ya mapafu, mtu akiambiwa imefika mbali, kisu na mionzi vinakosa pa kushika, na maneno ya mtaani yamejengwa juu ya visa hivyo. Limfoma ni ugonjwa wa seli ambazo tangu mwanzo kazi yake ni kutembea, na tiba yake kuu ni dawa za dripu zinazopita na damu kila mahali, juu ya kiwambo na chini yake kwa wakati mmoja. Katika majaribio makubwa ya nchi zenye vifaa vyote, watu wenye Hodgkin ya hatua za III na IV waliotibiwa kwa mchanganyiko wa dawa uitwao ABVD, takriban watatu kati ya wanne walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa baada ya miaka mitano. Kwetu matokeo yanashuka pale wagonjwa wanapokuja wamechelewa sana na pale dozi zinapokatwakatwa, na hili la pili liko mikononi mwenu kuliko mnavyodhani.

Kilichobadilika kwake kwa kutoka II kwenda III ni mpango. Angebaki II yenye B na uvimbe wa kifua usio mkubwa sana (wake ni sentimita 6), mpango wa kawaida ungekuwa mizunguko minne ya ABVD halafu mionzi pale palipokuwa na ugonjwa. Kwa III, kawaida ni mizunguko sita, na mionzi inabaki kwa sehemu itakayokaidi. Mzunguko mmoja una siku 28, na dripu zinaingia siku ya 1 na siku ya 15. Kwa hiyo jiandaeni kwa dripu kumi na mbili ndani ya takriban miezi sita. Nauli, ruhusa ya kazini na mtu wa kumsindikiza, pangeni kwa hesabu hiyo tangu sasa. Daktari wake anaweza kubadili mpango kulingana na moyo, mapafu na majibu ya damu, msishangae.

Sasa herufi. B si daraja la pili baada ya A, na haisemi chochote kuhusu ugonjwa umefika wapi. A maana yake mgonjwa hana dalili tatu maalumu. B maana yake anayo angalau moja kati ya hizo, na haina sababu nyingine: homa inayopita nyuzi 38, jasho la usiku linalolowesha, na kupungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi sita. Basi. Uchovu haumo. Kuwashwa mwili, ambako wagonjwa wa Hodgkin hulalamikia sana mpaka wanajikuna kwa kitana, nako hakumo.

Mdogo wako anazo zote tatu. Uzito sikuuchukua kwenye maneno ya "amekonda", niliuchukua kwenye kadi yake ya kliniki ya kifua kikuu, maana pale walikuwa wanampima kila anapokwenda ili wamkadirie dozi. Kabla ya kuanza aliandikwa kilo 66; sasa ana 58. Asilimia 10 ya 66 ni kilo 6.6, naye amepoteza 8. Imetimia. (Kadi hiyo itunzeni. Nimeona wagonjwa wengi ambao ushahidi wa uzito wao ni tundu jipya kwenye mkanda tu.)

Kwa nini uvimbe wa shingoni ulete homa? Ukiiweka tezi ya Hodgkin chini ya hadubini, unakuta kitu cha kushangaza: seli za saratani zenyewe ni chache sana, pengine moja kwa kila mia. Nyingine zote ni askari wa kawaida wa kinga walioitwa pale na hizo chache. Seli za saratani na hao walioitwa wanamwaga kemikali za kuwasiliana zinazoitwa saitokini. Zikiingia kwenye damu zinafika kwenye kituo cha ubongo kinachopanga joto la mwili, na kituo kinapandisha kiwango chake. Kilichokuwa 37 sasa kinataka 38.7. Mwili unaona uko baridi, anatetemeka, anaomba shuka. Hiyo ndiyo homa ya jioni. Usiku wa manane kiwango kinashushwa tena, na mwili unajikuta una joto la ziada ambalo lazima litoke. Unalitoa kwa njia moja unayoijua, jasho.

Kwa hiyo jasho ni homa inaposhuka. Halitoki kwa sababu saratani imefika kwenye ngozi au "imeingia kwenye damu". Mtu wa hatua ya I anaweza kulowesha godoro, na nimeshaona wa hatua ya III anayelala mkavu kama mtoto mchanga aliyekogeshwa. Hata hivyo B ina uzito. Inatuonyesha ugonjwa una makelele mengi ndani ya mwili, na katika hatua za mwanzo inaongeza kiasi cha tiba. Kwa mtu aliyekwisha kufika III uzito wake unapungua, kwa sababu mpango tayari ni ule mkubwa.

Dar ina tabu yake kwenye dalili hii. Januari na Februari, umeme ukikatika na feni ikasimama, nyumba nzima inatoka jasho. Nikimuuliza mgonjwa "unatoka jasho usiku?" kila mtu anajibu ndiyo, kwa hiyo nimeacha kuuliza hivyo. Nauliza: anayelala naye chumba kimoja, naye analowa? Shati linakamuliwa? Anaamka kubadilisha nguo na kugeuza godoro? Kabla ya jasho alihisi baridi? Jasho la joto la chumba linakaa usoni, shingoni na mgongoni, feni ikirudi linakauka, na anayelala pembeni analo pia. Jasho tunalolihesabu humwamsha yeye peke yake saa nane au tisa usiku, nguo zimegandamana mwilini, na mara nyingi ameshaanza kuhisi baridi ya kulowa. Umeandika "mpaka shuka", na kwenye karatasi yenu umeongeza kwamba analala na mtoto wako kitanda kimoja na mtoto anakuwa mkavu. Hilo limenitosha.

Na homa ilivyowazungusha kwenye malaria, kuna sababu. Kwa baadhi ya watu homa ya Hodgkin huja kwa vipindi: siku kadhaa inapanda, kisha siku kadhaa kimya. Madaktari wawili, Pel na Ebstein, waliieleza katika miaka ya 1880, ingawa umbo lake kamili halionekani mara nyingi. Fikiria mtu wa Mbagala mwenye homa ya namna hiyo. Siku ya tano anameza dozi ya malaria. Siku ya saba homa inakata, kwa sababu kipindi chake kimekwisha. Kila mtu anashukuru dawa. Baada ya siku kumi imerudi, na watu wanasema malaria "sugu". Njia ya kujikinga ni kutomeza dozi kabla ya kupima damu. Kipimo kikisema hakuna vimelea, na homa imeshazidi wiki mbili, acheni kutafuta malaria.

Kifua kikuu ni kigumu zaidi kukitenganisha. Kinavimbisha tezi za shingo, kinaleta homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Kwa maneno mengine kinaleta B ile ile neno kwa neno. Tena kwetu ni kingi, kwa hiyo mganga anayekifikiria kwanza hajakosea. Kosa huja kwenye kuthibitisha. Sindano nyembamba ya kunyonya seli kwenye tezi mara nyingi hukosa zile seli chache za Hodgkin, na inaleta jibu la "uvimbe wa kawaida". Wakati mwingine Hodgkin yenyewe huzungukwa na vikundi vya seli za kinga vinavyofanana na vya kifua kikuu, na kipande kidogo kikimdondokea msomaji hapo tu, ataandika kifua kikuu. Ndiyo maana tunataka tezi nzima itolewe. Mtu akitumia dawa za kifua kikuu bila ugonjwa kuthibitishwa maabara, na tezi zikawa hazipungui baada ya wiki nne hadi nane au zinaongezeka, hapo ndipo pa kudai tezi ikatwe. Na kabla haijakatwa asipewe prednisoloni wala deksamethasoni ya "kupunguza uvimbe", labda kama anabanwa pumzi. Dawa hizo zinaisinyaza limfoma kwa muda, homa inakata, na mpasuaji anatoa tezi ambayo haisomeki.

Kwa sasa, kabla tiba haijaanza, mfungulieni daftari. Kipimajoto cha kwapani cha duka la dawa kinafaa, ila kumbuka kwapa husoma chini kidogo kuliko mdomo, kama nusu nyuzi. Mpimeni asubuhi, saa kumi na moja jioni, na saa nne usiku, kabla ya kumeza panadoli, maana panadoli inafuta ushahidi. Andikeni saa, nyuzi, dawa aliyomeza, na kama alibadilisha nguo usiku. Siku kumi za daftari hilo zina faida kwa daktari kuliko "homa haiishi". Akiwa anateseka usiku panadoli apewe, mradi imeandikwa.

Mkienda kliniki ulizeni jambo moja mahususi: uboho umepimwa? Kwenye majibu uliyonitumia sikuuona. Pale ambapo kipimo cha PET kipo, chenyewe kinaonyesha uboho, na sindano ya kwenye nyonga mara nyingi haihitajiki kwa Hodgkin. Pale ambapo hakipo, mtu mwenye III na B anastahili kupimwa uboho. Jibu likija kwamba umeguswa, faili litaandikwa IV B, na nakuomba wakati huo ukumbuke habari ya wiki tatu: namba itakuwa imepanda tena kwa sababu tumetazama mahali pengine, na ile mizunguko sita itabaki ile ile. Ulizeni pia majibu ya VVU kama hayamo kwenye faili, kwa sababu limfoma na VVU hukutana mara nyingi, na yote mawili hutibiwa pamoja.

Dripu zikishaanza, kanuni ya homa inageuka kabisa, na hapa ndipo familia nyingi zinajikwaa. Kwa kawaida homa na jasho la Hodgkin hupungua ndani ya siku au wiki chache baada ya dripu za kwanza. Mkishazoea usiku mkavu, homa ikirudi msiseme "ni ile yake ya zamani". Dawa hushusha seli nyeupe, hasa katika wiki ya pili baada ya dripu, na maambukizi yanayomwingia mtu asiye na seli hizo yanaweza kumuua kwa saa, si kwa siku. Ikifika nyuzi 38, hata mara moja tu jioni, hata akiwa anaongea na kucheka, msimpe panadoli na kungoja asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, mlangoni mseme "yupo kwenye kemo, ana homa", waonyesheni tarehe ya dripu ya mwisho, na mdai picha kamili ya damu. Antibayotiki ya mshipa inatakiwa iingie ndani ya saa moja tangu afike, bila kungoja majibu yote. Homa ya saa chache baada ya dripu yenyewe inaweza kuwa ya bleomaisini, mojawapo ya dawa nne za ABVD, lakini uamuzi huo uwe wa wodi, msijiamulie nyumbani.

Kuna dalili nyingine zisizongoja kliniki hata leo, kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu ana uvimbe kifuani: uso na shingo kuvimba akiamka, mishipa ya shingo na kifua kutuna, kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi. Hizo ni za kwenda idara ya dharura moja kwa moja. Kwa mnakokaa, Temeke ni karibu kwa huduma ya kwanza, kisha watamhamishia Muhimbili au Ocean Road kulingana na anapotibiwa. Faili, CD ya CT na jibu la tezi viwe kwenye mfuko mmoja karibu na mlango, na nambari ya simu ya wodi iandikwe juu ya mfuko huo.